Chapati za mama zinashusha bei ya dagaa? Hesabu nimepewa tiki, hitimisho limekataliwa

#1 Binti wa Mwalo
Wakuu, habari za jioni. Niko kidato cha tano. Tumepewa mradi wa takwimu: chagua vitu viwili unavyoweza kuvihesabu mwenyewe, chora grafu ya nukta, tafuta uwiano, tafuta mstari wa regresheni, kisha andika hitimisho. Mama yangu anauza chai na chapati kwenye mwalo, huku upande wa Igombe. Kila baada ya siku nne nilihesabu chapati alizouza mpaka saa nne asubuhi, halafu nikaenda kwa jirani yake kuuliza sado ya dagaa wakavu imeanzia bei gani. Nimefanya hivyo mwezi mzima nikapata siku nane:

Siku ya 1: chapati 140, sado 6,000
Siku ya 5: chapati 130, sado 7,000
Siku ya 9: chapati 110, sado 6,500
Siku ya 13: chapati 70, sado 10,500
Siku ya 17: chapati 60, sado 9,500
Siku ya 21: chapati 80, sado 8,000
Siku ya 25: chapati 110, sado 9,500
Siku ya 29: chapati 140, sado 7,000

Uwiano, ile r, umetoka −0.78. Nikaandika kwamba chapati zikiuzwa nyingi zinashusha bei ya dagaa. Mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: "Uwiano si usababishi. Rudia." Sasa kama hesabu zote ziko sawa, hitimisho lina kosa gani? Nawasilisha Jumatatu.

#2 Mpita Njia
Sado elfu sita! Nielekeze kwa huyo jirani, nije na gunia.

#3 Ngosha
Mdogo wangu, usitishike. r ikiwa −0.78 maana yake chapati zinachangia asilimia 78 ya bei, na asilimia 22 ni mambo mengine. Ile alama ya kutoa inaonyesha tu kwamba kimoja kikipanda kingine kinashuka. Andika hivyo hivyo, mwalimu atakubali.

#4 Fundi Namba
Ngosha, hapo umepata nusu. Alama ya kutoa umeieleza vizuri, ila r haisomwi kama asilimia. Ukitaka asilimia, izidishe r kwa yenyewe: utapata 0.61. Na hata hiyo 61 haisemi kwamba chapati "zinachangia". Inasema kwamba ukiutumia mstari kubashiri bei, yale mapanda-shuka ya bei kuzunguka wastani yanapungua kwa kiasi hicho. Mstari haujui nani kamfanya nani nini.

Binti, nimerudia hesabu zako kwenye karatasi. Wastani wa chapati ni 105, wastani wa bei ni 8,000. Kwa kila siku nimechukua umbali wa chapati kutoka wastani wake, nikazidisha kwa umbali wa bei kutoka wastani wake, nikajumlisha siku zote nane: −285,000. Umbali wa chapati ukiupiga kipeo cha pili na kujumlisha unapata 7,000. Gawanya, mteremko ni −40.7. Yaani kila chapati moja zaidi inaendana na sado kuwa chini kwa kama shilingi 41. Mstari wako ni:

```
bei = 12,275 − 40.7 × chapati
```

Sasa fanya jaribio dogo la akili. Mama apike chapati 300. Mstari unasema sado itauzwa kama shilingi 61. Akipika 310, muuzaji atakupa dagaa na pesa juu. Wewe umehesabu kati ya chapati 60 na 140, basi mstari una ruhusa ya kuongea humo tu.

#5 Mpita Njia
Mama apike 310 jamani, mimi nachangia unga.

#6 Binti wa Mwalo
Asante Fundi. Ila mbona mimi mteremko wangu ulitoka −0.015? Na mwalimu kaweka tiki!

#7 Kikokotoo
Bila shaka ulitumia Excel ukageuza mpangilio. Kwenye SLOPE, kile unachobashiri ndicho kinaanza. Kama chapati ziko safu ya B na bei safu ya C:

```
=SLOPE(C2:C9,B2:B9)
=INTERCEPT(C2:C9,B2:B9)
=CORREL(B2:B9,C2:C9)
```

Ukianza na B unapata −0.015, yaani chapati ngapi zinapungua kwa kila shilingi moja ya bei. Bei ikipanda elfu moja, chapati 15 chini. Kwenye CORREL hata ukigeuza, jibu ni lile lile, ndiyo maana hukushtuka. Njia ya kugundua ni kujiuliza namba inasomwaje: shilingi kwa chapati, au chapati kwa shilingi? Mwalimu naye nadhani aliangalia r akapita.

#8 Ngosha
Sasa si kitu kimoja tu? Chapati moja ni shilingi 40.7, basi shilingi 1,000 ni chapati... nimegawanya, 24 na ushee. Kikokotoo anasema 15. Mmoja kati yenu kakosea.

#9 Fundi Namba
Hakuna aliyekosea, na swali hili ni zuri kuliko unavyodhani. Mstari wa kwanza umechorwa ili makosa ya kubashiri *bei* yawe madogo, yale yanayopimwa wima kwenye grafu. Wa pili umechorwa ili makosa ya kubashiri *chapati* yawe madogo, yanayopimwa kwa mlalo. Ni mistari miwili tofauti, inakutana kwenye wastani tu. Ingelingana kama nukta zote nane zingekaa juu ya mstari mmoja bila hata moja kutoka nje. Ndiyo maana huwezi kuugeuza mmoja ukapata mwingine.

Na Binti, jibu la swali lako la kwanza limejificha hapo hapo. Formula imekubali bila kusita kwamba chapati zinashusha bei. Ukiigeuza inakubali vile vile kwamba bei inapunguza chapati. r ni −0.78 pande zote mbili. Shahidi anayekubali kila anachoulizwa, utamhukumu mtu kwa ushahidi wake?

#10 Mama Vichanja
Mimi sijasoma hayo mahesabu lakini ninaanika dagaa miaka mingi. Mwanangu, dagaa wakiwa wengi alfajiri tuko pale wanawake hata thelathini, tunabeba ndoo, tunamwaga kwenye vichanja, tunageuza. Ikifika saa mbili njaa inauma, chai na chapati mbili. Mitumbwi ikirudi mitupu nakaa nyumbani kwangu nakunywa uji na wanangu. Kwa hiyo bei ikiwa juu ujue hakuna mzigo, na hakuna mzigo hakuna wa kula chapati za mama yako. Wala yeye hahusiki.

#11 Karabai
Mama Vichanja kamaliza, ila kaanzia katikati. Kwa nini mitumbwi inarudi mitupu? Ni mwezi. Dagaa tunawavua kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola. Kukiwa na giza dagaa wanaifuata taa, tunawazungushia wavu. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima lina mwanga, dagaa hawana sababu ya kuja kwenye kataa kako. Siku hizo wengi tunakaa nchi kavu tunashona nyavu. Binti angalia siku zako za 13 na 17.

#12 Mpita Njia
Mwezi gani huo, wa pili au wa tatu? Maana Machi mvua inakuwa nyingi.

#13 Karabai
Mwezi wa angani, ndugu yangu.

#14 Mpita Njia
Aaah. Endeleeni.

#15 Binti wa Mwalo
Jamani! Siku ya 1 nilianza usiku wa giza totoro, nakumbuka umeme ulikatika na sikuona hata mlango. Kwa hiyo siku ya 29 giza limerudi?

#16 Kikokotoo
Mzunguko ni siku 29 na nusu, kwa hiyo ndiyo. Basi tuujaribu mwezi. Kama Karabai yuko sahihi, tukilinganisha siku za giza zenyewe kwa zenyewe, uhusiano wa chapati na bei unatakiwa kufifia, maana tumeuondoa mwezi kwenye mchezo. Mbalamwezi: siku ya 13, 17 na 21. Giza: siku ya 1, 5, 9, 25 na 29. Nimepiga r ya siku za giza peke yake: −0.56. Imepungua lakini haijafa. Siku ya 25 inanisumbua: chapati 110, bei 9,500. Giza, wateja wapo, na bado bei juu. Binti, siku hiyo kulikuwa na nini?

#17 Binti wa Mwalo
Ngoja nifungue daftari... Nimeandika pembeni "mvua kubwa jana na juzi, dagaa wameharibika mchangani". Sikuiweka kwenye jedwali kwa sababu hatukuambiwa tuandike hali ya hewa.

#18 Mama Vichanja
Ndiyo hiyo. Mzigo ulikuwepo lakini haukukauka. Mbichi wengi, mkavu hakuna. Na watu walikuwepo wanakula kama kawaida, tena wanakaa bandani wakisubiri mvua ikate.

#19 Kikokotoo
Nimeitoa siku ya 25. Zimebaki siku nne za giza. r imetoka 0. Siyo "karibu na sifuri", ni sifuri kamili, rudieni wenyewe. Kesi imekwisha, ni mwezi.

#20 Fundi Namba
Polepole. Sifuri ya siku nne isikulevye. Kwa nukta nne, hata r ya 0.9 inaweza kutokea kwa bahati tu: jedwali la kawaida, lile la asilimia 5, linataka ivuke 0.95. Kwa nukta nane linataka 0.707, ndiyo maana −0.78 ya Binti ilipita.

Halafu kuna hili la kutoa siku. Ukiitoa siku ya 25 kwenye jedwali zima, r ya siku saba inakuwa −0.87. Kwa hiyo mtetezi wa chapati naye anaweza kuitoa siku hiyo hiyo akashangilia kwamba hoja yake imepata nguvu. Siku moja, washindi wawili. Kutoa siku kunaruhusiwa kama sababu iliandikwa kabla hujaona matokeo. Binti anayo, iko daftarini. Ila kwenye ripoti aonyeshe hesabu zote mbili, na siku hiyo na bila hiyo.

#21 Karabai
Nami nina pingamizi. Nani kasema siku ya 21 ni mbalamwezi? Mwezi ukishapita ule mkubwa unachelewa kuchomoza. Siku ya 21 unatoka karibu na usiku wa manane. Sisi jioni tunapata giza la kutosha, tunaingia ziwani mapema, mwezi ukitoka tunageuza. Ya 9 ndiyo ina shida: mwezi uko juu tangu jioni, unasubiri mpaka uzame baada ya saa sita usiku ndipo uanze kazi. Hizo siku za katikati huwezi kuzigawa kwa panga.

#22 Kikokotoo
Ungenyamaza tu mzee. Nimeihamisha siku ya 21 kwenda giza (ya 25 bado iko nje): r imerudi −0.73.

#23 Ngosha
Hahaha! Sifuri kamili imekwenda wapi? Naona chapati zimefufuka.

#24 Kikokotoo
Nukta tano, jedwali linataka 0.878. Haijafufuka, inapepesa macho tu. Ila nakiri nilikimbilia kufunga kesi.

#25 Mkaa Pembeni
Nimesoma kimya kimya, sasa niulize. Mkiendelea hivi hakuna kitakachothibitishwa duniani. Kila kitu "uwiano si usababishi". Sigara na saratani ya mapafu nayo ilikuwa uwiano. Mwanatakwimu mkubwa Ronald Fisher, ambaye jina lake lenyewe maana yake ni mvuvi, miaka ya 1950 alipinga kwa hoja hii hii, na yeye mwenyewe alikuwa mvuta kiko. Akasema huenda kuna urithi wa damu unaomfanya mtu apende sigara na pia augue. Leo tunajua nani alikuwa sahihi.

#26 Karabai
Wavuvi tumeingizwaje tena?

#27 Fundi Namba
Mkaa Pembeni kaleta jambo la maana. Hoja ya Fisher kimantiki ilikuwa halali, ushahidi ndio uliomwacha nyuma. Watafiti wa sigara, Doll na Hill, hawakuishia kwenye r moja. Mwaka 1950 walilinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa, kisha kuanzia 1951 wakawafuatilia madaktari wa Uingereza miaka na miaka: anayevuta zaidi anakufa zaidi, aliyeacha hatari inapungua. Hilo la "aliyeacha" ndilo zito. Kitu kikiondolewa, je, matokeo yanabadilika?

Binti, hilo unaweza kuliuliza bandani kwenu. Je, kuna siku mama hakupika kabisa?

#28 Binti wa Mwalo
Ipo! Siku ya 2 hadi ya 4 mama alikwenda msibani Ukerewe. Banda lilifungwa siku tatu. Sikuziweka kwa sababu hazikuangukia kwenye siku zangu za kuhesabu. Lakini siku ya 3 nilitumwa kununua dagaa wa nyumbani, sado ilikuwa 6,500. Nakumbuka chenji.

#29 Kikokotoo
Chapati sifuri. Weka kwenye mstari: bei ilipaswa kuwa 12,275. Imekuwa 6,500. Mstari umekosea kwa karibu shilingi elfu sita, na ni giza, kama Karabai alivyosema.

#30 Fundi Namba
Hii moja ina uzito kuliko hesabu zote tulizogeuzageuza, kwa sababu banda lilifungwa kwa jambo lisilohusu ziwa wala dagaa. Msiba haukuangalia mwezi. Nijisute kidogo mwenyewe: nilisema mstari usiongee nje ya 60 na 140, na sifuri iko nje. Kwa hiyo siisomi kama mtihani wa ile 12,275. Naisoma hivi: chapati zimetoka 140 zikawa hakuna, na bei imesogea mia tano tu.

#31 Ngosha
Na banda la pili je? Mama yako akifunga si watu wanakula kwa mwingine? Chapati za mwalo mzima hazikuwa sifuri.

#32 Binti wa Mwalo
Kuna mama mwingine wa maandazi na mmoja wa mihogo. Kweli sikuwahesabu.

#33 Mkaa Pembeni
Ngosha leo umeamka.

#34 Mama Vichanja
Na msisahau pesa. Dagaa wakikosekana siku kumi, mtu anakula kwa mkopo au hali. Huo siyo mwezi tu, ni mfuko. Hata giza likirudi, siku mbili za kwanza tunalipa madeni kwanza. Halafu kuna wakati matajiri wa magunia wanaopeleka Mwaloni Kirumba wanakuja wengi, bei inapanda na mzigo upo.

#35 Karabai
Hilo la matajiri ni kweli. Pia dagaa mkavu wa leo si wa usiku wa jana, ni wa juzi kama jua lilikuwa zuri. Bei inafuata ziwa kwa kuchelewa, chai inanywewa leo leo. Binti analinganisha chai ya leo na uvuvi wa juzi.

#36 Fundi Namba
Umenitangulia. Na kubwa zaidi ni kwamba siku zote nane zimetoka kwenye mzunguko mmoja wa mwezi. Lile jedwali la 0.707 linadhani kila siku imejitegemea, kumbe siku ya 13 na ya 17 ni mbalamwezi ile ile. Kwa swali la mwezi, Binti hana nukta nane. Ana kitu kama kimoja.

#37 Binti wa Mwalo
Kwa hiyo Jumatatu niseme nini? Maana sasa nina sababu tano na nilikuja na moja.

#38 Kikokotoo
Mstari ubaki, urekebishe mteremko uwe −40.7, useme unabashiri kati ya chapati 60 na 140 tu. Neno "zinashusha" lifute, weka "zinaendana na". Onyesha r na siku ya 25 na bila hiyo. Taja mwezi na mvua kama vitu ambavyo hukuvipima. Siku ya msiba iweke peke yake, usiichanganye na nane.

#39 Ngosha
Na daftari lijalo ongeza safu ya mitumbwi iliyotoka usiku. Unaihesabu tu taa ukiwa ufukweni, bure. Nilikosea asilimia 78 lakini hili sijakosea.

#40 Karabai
Taa za mtumbwi mmoja ziko kadhaa, Ngosha. Ahesabu mitumbwi asubuhi ikitia nanga.

#41 Binti wa Mwalo
Asanteni wakuu. Nimemsomea mama uzi wote. Ameuliza swali moja: kama mwezi mkubwa ukifika apike 60 tu, hizo 60 ni kwa sababu wateja ni wachache, au wateja ni wachache kwa sababu wamezoea siku hizo chapati zinaisha mapema? Kasema kuna siku alipika chache kwa kukosa unga, na watu walirudi njaa.

#42 Fundi Namba
...Siku ya 13 na ya 17, zilibaki chapati au ziliisha?

#43 Binti wa Mwalo
Ziliisha zote. Saa mbili na nusu.

#44 Mpita Njia
Mwambieni mama asipike 310 kwanza.